Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufungwa kwa ofisi na ghala letu la Mbeya, Krismasi na Mwaka Mpya 2026/2027, na tarehe za mwisho za kuagiza mbolea

Ukurasa huu ni kwa wenye maduka ya pembejeo, vyama vya ushirika na wakulima wanaonunua kwetu kwa jumla katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Maswali ni yale mnayotuuliza kwa simu na dirishani kila ifikapo Novemba. Tumeyajibu kwa kirefu pale ambapo mteja anaweza kupata hasara asipoelewa, na kwa kifupi pale ambapo jibu ni tarehe tu.

Mnafunga lini na mnafungua lini?

Ofisi ya Mwanjelwa inafungwa Alhamisi tarehe 24 Desemba 2026 saa 6 mchana. Inafunguliwa Jumatatu tarehe 4 Januari 2027 saa 2 asubuhi.

Ghala la Iyunga lina ratiba yake, na hapa ndipo wengi huchanganya. Siku ya mwisho ya kupakia mizigo ya kawaida ni Jumatano tarehe 23 Desemba, hadi saa 10 jioni. Baada ya sikukuu, ghala linafungua geti siku mbili tu, Jumatatu tarehe 28 na Jumanne tarehe 29 Desemba, kwa mizigo iliyokwisha kulipwa na ambayo hati zake zilishatoka kabla ya Krismasi. Tarehe 30 na 31 tunahesabu mali, geti linafungwa kabisa. Upakiaji wa kawaida unaanza tena Jumanne tarehe 5 Januari, siku moja baada ya ofisi kufunguliwa.

Mbona ghala linachelewa siku moja nyuma ya ofisi?

Kwa sababu oda zitakazoingia Jumatatu tarehe 4 zinahitaji ankara, uthibitisho wa malipo na hati ya kutolea mzigo kabla mkuu wa ghala hajaruhusu mfuko mmoja kutoka. Tukifungua vyote siku moja, malori yanajipanga barabarani tangu alfajiri huku karatasi zikiwa bado zinachapishwa mjini. Dereva anakaa kutwa nzima juani au kwenye mvua, na mwenye gari anakudai pesa ya kusubiri. Ni afadhali gari lako lije Jumanne na lipakie ndani ya saa moja.

Tarehe ya mwisho ya kuagiza ni ipi?

Inategemea mzigo unakwenda wapi. Oda inahesabiwa kuwa imeingia pale inapokuwa imethibitishwa na ofisi. Ujumbe ulioutuma usiku wa manane bado haujawa oda.

Mzigo ambao hatunao Mbeya na lazima utoke Dar es Salaam: Ijumaa 4 Desemba.

Makete upande wa Matamba na Kitulo, Ludewa, Ileje, na vijiji vya ndani vya Chunya: Ijumaa 11 Desemba.

Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe: Jumatano 16 Desemba.

Tukuyu, Kyela, Mbozi, Tunduma, Igurusi, Chimala na Ubaruku: Ijumaa 18 Desemba.

Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi, na mteja yeyote anayekuja na gari lake: Jumatatu 21 Desemba, saa 6 mchana.

Malipo ya oda zote hizi yawe yameonekana kwenye akaunti yetu kabla ya Jumanne 22 Desemba saa 6 mchana. Oda isiyolipwa hadi saa hiyo inaondolewa kwenye foleni ya kupakia, na mifuko yake anapewa anayefuata.

Kwa nini Matamba waagize wiki nzima kabla ya Tukuyu wakati kwenye ramani si mbali?

Ramani haioneshi mlima. Gari la Matamba linapanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona 57, na Desemba ni mwezi wa mvua. Lori lenye tani kumi haliwezi kupandishwa pale siku ambayo udongo umeloa. Dereva anayejua kazi yake analala Chimala akisubiri pakauke. Akilala siku mbili, mzigo uliopangwa kufika tarehe 21 unafika tarehe 23, na tarehe 23 ndiyo siku ya mwisho kwetu. Tumeacha nafasi hiyo makusudi. Hali ni hiyo hiyo kwa Ludewa na Ileje, na kwa vijiji vya Chunya ambako gari likiacha barabara kuu linaingia kwenye tope. Mara nyingi mzigo wa huko tunauhamishia kwenye magari madogo, na kazi hiyo ya kushusha na kupakia upya inakula siku nzima.

Iringa na Njombe ni lami mtupu, lakini wiki ya Krismasi barabara ya TANZAM inajaa mabasi na magari ya watu wanaorudi nyumbani. Makuli nao ni watu wa sikukuu. Mzigo ukifika dukani kwako tarehe 23 jioni, huenda usipate mtu wa kuushusha.

Na huo wa Dar es Salaam mbona mapema namna hiyo?

Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Lori la mizigo linapita Mikumi, Ruaha Mbuyuni, linapanda Kitonga, kisha Iringa, Mafinga, Makambako na Igawa ndipo liingie Uyole. Gari moja likipata ajali kwenye kona za Kitonga, foleni inaweza kukaa saa nyingi juu na chini ya mlima. Safari yenyewe si ndefu kiasi cha kuhitaji wiki mbili. Kinachochelewesha ni kupata gari. Desemba kila mwenye duka la pembejeo nyanda za juu anatafuta lori la kupandisha mbolea, na malori mengi yanayopita njia hii yana mizigo ya Zambia na Kongo, yanakwenda kukaa foleni Tunduma. Oda iliyoingia tarehe 4 tunaiunganisha na wengine tukajaza gari zima. Iliyoingia tarehe 10 inabaki ikisubiri wenzake, na hatuna uhakika nayo kabla ya Januari.

Naweza tu kusubiri mfungue Januari. Kuna hasara gani?

Kwa bidhaa nyingine, hakuna. Pampu ya mgongoni, viroba, mbegu za maharage ya kupanda Februari na Machi, vyote hivyo vinaweza kusubiri bila mtu kuumia. Kwa mbolea ya kukuzia mahindi jibu ni tofauti kabisa, na ndiyo sababu hasa ya ukurasa huu kuwa mrefu.

Mahindi ya nyanda za juu kusini hupandwa mvua zinaposhika, kwa wengi kuanzia katikati ya Novemba hadi mapema Desemba. Mbolea ya kukuzia, iwe urea au CAN, inahitajika mahindi yanapofika magotini, yaani wiki ya nne hadi ya sita hivi tangu kupanda. Kwenye baridi ya Uporoto na Kitulo mmea unakua polepole, unaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Kwenye joto la Kyela na Usangu unawahi. Sasa hesabu: aliyepanda tarehe 25 Novemba anafikisha wiki nne tarehe 23 Desemba, na wiki sita tarehe 6 Januari. Dirisha lake lote la kukuzia linaanza siku yetu ya mwisho ya kupakia na kuisha siku moja baada ya sisi kuanza kupakia tena.

Mkulima huyo hatafuti kampuni yetu. Anakuja dukani kwako tarehe 27 Desemba, pesa mkononi baada ya kuuza kuku au viazi, na anataka mfuko mmoja. Usipokuwa nao, mahindi hayamsubiri. Mmea uliokosa naitrojeni wakati unarefuka unaanza kuwa wa njano majani ya chini, njano ikianzia nchani na kuja katikati ya jani kama herufi V. Ukiona hivyo shambani, tayari amepoteza kitu. Mbolea ikiwekwa baadaye itasaidia, ila haitarudisha chote.

Nitajuaje niagize mifuko mingapi ya kunivusha kipindi chote mlichofunga?

Swali hili ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu mwenye duka akilijibu vizuri mwezi Novemba, Krismasi yake inakuwa ya amani. Usianze na pesa uliyonayo wala na mauzo ya mwaka jana. Anza na daftari lako: nani alinunua mbegu au mbolea ya kupandia kwako, lini, na kwa ekari ngapi. Kila aliyenunua mfuko wa DAP atarudi kutafuta mfuko wa kukuzia, na tarehe yake ya kurudi unaweza kuikadiria.

Tuchukue mfano wa duka lililoko Mlowo, Mbozi. Daftari linaonesha ekari 120 za wateja wake wa kawaida, na wengi wao huweka mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea kwa ekari. Wapo wanaoweka zaidi, lakini tupige hesabu kwa mfuko mmoja. Ekari 40 zilipandwa kati ya tarehe 20 na 25 Novemba. Ekari 60 zilipandwa kati ya tarehe 28 Novemba na 3 Desemba. Ekari 20 ni za waliochelewa, walipanda kuanzia tarehe 8 Desemba.

Ongeza wiki nne kwa kila kundi. Kundi la kwanza litaanza kuja dukani tarehe 18 hadi 23 Desemba. La pili litakuja tarehe 26 hadi 31 Desemba, katikati kabisa ya likizo yetu. La tatu litaanza tarehe 5 Januari. Jumla ni mifuko 120, sawa na tani sita.

Tatizo la duka hili ni stoo. Inakaa mifuko 80 tu pakavu. Kwa hiyo hawezi kuchukua yote mara moja, na hapa ndipo siku zile mbili za tarehe 28 na 29 zinapomfaa. Anaagiza mifuko 120 yote kabla ya tarehe 18 Desemba na kuilipia yote. Mifuko 70, ambayo ni tani tatu na nusu, mzigo wa kutosha Kanta moja, inamfikia kabla ya tarehe 23. Kundi la kwanza likishachukua mifuko 40, anabaki na 30 za kuanzia kundi la pili. Jumanne tarehe 29 analeta gari Iyunga kuchukua mifuko 50 iliyobaki, anarudi nayo, na stoo yake inakuwa na mifuko isiyozidi 80. Amevuka hadi Januari bila kumrudisha mteja hata mmoja, wala hakulaza mfuko nje.

Angesubiri? Angeleta oda Jumatatu tarehe 4 Januari, angepakia Jumanne tarehe 5, na kuanza kuuza tarehe 6. Mkulima wake aliyepanda tarehe 20 Novemba angekuwa na mahindi ya siku 47. Huyo hangesubiri hadi hapo. Angekwenda duka la jirani, na mwakani mbegu pia angenunua huko.

Mvua ikichelewa kwetu, hesabu hiyo si itavurugika?

Inasogea, haivurugiki. Hesabu kuanzia siku watu walipopanda, si kuanzia tarehe ya kalenda. Kama eneo lako mvua zilishika tarehe 5 Desemba, kundi lako la kwanza litataka mbolea tarehe 2 Januari, na unaweza kuagiza kidogo kabla ya Krismasi kisha ukajaza wiki ya tarehe 5. Hata hivyo, usiache stoo tupu. Daima kuna mtu aliyepanda bondeni au kwenye umwagiliaji mapema kuliko majirani.

Nani anaweza kuja tarehe 28 na 29, na aje na nini?

Aje yule tu ambaye hati yake ya kutolea mzigo imetoka ofisini kabla ya tarehe 24. Siku hizo ghalani kuna mkuu wa ghala, makuli wachache na walinzi. Hakuna wa kuandika ankara, hakuna wa kupokea pesa, na hakuna wa kubadilisha urea iwe CAN. Ukifika na pesa taslimu utarudi nazo, nasi hatupendi kumrudisha mtu aliyetoka Igawa au Tunduma na gari la kukodi.

Dereva aje na nakala ya hati, kitambulisho chake, na namba ya gari iwe ile ile uliyotuandikisha. Ukibadilisha gari baada ya tarehe 24, piga simu ya ghala kabla gari halijaondoka kwako. Kuhusu hili hatuna huruma: mzigo hautoki kwa mtu ambaye jina lake halipo kwenye hati, hata akisema ni mdogo wako na tukamjua kwa sura. Mbolea yako ni mtaji wako.

Aje pia na turubai. Mvua ya mchana ya Mbeya haina miadi, na mfuko wa urea ukinyeshewa hata kwa nusu saa kupitia mshono wa juu, unakuwa jiwe.

Mzigo wangu mtanitunzia hapo ghalani hadi Januari?

Ndiyo, ukiwa umelipiwa na umetuandikia kwamba tukutunzie. Hatutozi gharama ya kuhifadhi hadi Ijumaa tarehe 15 Januari. Tunaomba utuandikie, kusema tu kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu tarehe 30 na 31 tunahesabu kila mfuko. Mfuko uliolipiwa na mteja tunautenga upande wake na kuubandika jina. Ambao haujaandikwa tunauhesabu kuwa ni wetu, na kuja kuutafuta Januari ni kazi ya siku nzima kwako na kwetu.

Bei ikibadilika Januari, mimi niliyelipa Desemba itakuwaje?

Bei yako ni ile ya siku uliyolipa, hata ukichukua mzigo tarehe 5 Januari au baadaye. Profoma ambayo haijalipwa inakufa tarehe 22 Desemba saa 6 mchana, na Januari utaandikiwa mpya.

Benki zinafungwa sikukuu. Nilipe kwa njia gani?

Krismasi mwaka huu ni Ijumaa tarehe 25, na tarehe 26 Jumamosi nayo ni sikukuu. Mwaka Mpya ni Ijumaa pia. Kwa hiyo benki zinapoteza mwisho wa juma mara mbili mfululizo. Ukihamisha fedha kutoka benki nyingine tarehe 21 jioni, zinaweza kuonekana kwetu tarehe 22 mchana, zimechelewa kwa saa chache, na saa chache hizo ndizo zinazokutoa kwenye foleni. Ukitumia uhamisho wa benki kwenda benki, lipa kabla ya Ijumaa tarehe 18. Hundi hatupokei baada ya tarehe 14 Desemba.

Kulipa kwa simu kupitia lipa namba kunaonekana papo hapo, ila mtandao una kikomo cha fedha unazoweza kutuma kwa siku. Mzigo wa tani kadhaa unaweza kuvuka kikomo hicho. Gawanya malipo kwa siku mbili, kisha tutumie ujumbe wenye jina la duka na namba ya profoma. Pesa iliyoingia bila namba ya profoma tunaiona, lakini hatujui ni ya nani.

Nimepata ujumbe kwamba namba yenu ya malipo imebadilika kwa ajili ya sikukuu. Ni kweli?

Si kweli. Hatubadilishi namba ya malipo kwa ujumbe wa simu, wala hatutumi mtu kupokea pesa barabarani. Kabla hujabonyeza namba ya siri, tazama jina linalotokea: lazima liwe jina la kampuni, si la mtu binafsi. Likiwa la mtu, acha hapo hapo na upige simu ofisini kwa namba iliyoko kwenye risiti zako za zamani. Kuanzia tarehe 24 mchana ofisi haina mtu, kwa hiyo anayekwambia tarehe 26 kwamba anapokea oda kwa niaba yetu, huyo ni tapeli.

Risiti ya EFD nitapata ya Desemba au Januari?

Risiti inatoka siku malipo yanapothibitishwa. Kama unafunga hesabu zako tarehe 31 Desemba na unataka manunuzi hayo yaingie mwaka 2026, lipa kabla ya tarehe 22 na uchukue risiti kabla ya tarehe 24 saa 6 mchana. Mashine haiwashwi tena hadi tarehe 4 Januari.

Vipi kuhusu mbolea ya ruzuku?

Mzigo wa ruzuku lazima uwe umeingizwa kwenye mfumo ndipo duka lako liweze kumuuzia mkulima mwenye namba yake ya usajili. Kuuingiza ni kazi ya ofisi, na ofisi imefungwa. Hivyo tafadhali, mara tu unapopokea mzigo kabla ya Krismasi, fungua mfumo siku hiyo hiyo na uone kama idadi ya mifuko inalingana na iliyoko stoo. Ukikuta mfumo unaonesha 50 na stoo una 70, tuambie kabla ya tarehe 24. Tarehe 28 mkuu wa ghala anaweza kukupa mfuko, lakini hana uwezo wa kurekebisha mfumo, na mkulima atasimama kaunta akiiona mbolea na asiweze kuinunua kwa bei yake halali. Hali hiyo inatuuma sana, kwa sababu inazuilika kwa dakika tano za kuangalia simu.

Stoo yangu ni ndogo na itakaa imejaa likizo nzima. Nipange vipi?

Weka chaga au mbao chini, mfuko usiguse sakafu. Acha nafasi ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta, hasa ukuta unaopigwa na mvua. Urea na CAN zisikae rundo moja wala kumwagikiana: zikichanganyika zinavuta unyevu kwa kasi na kuwa uji hata siku isiyo na mvua. Mbegu na viuatilifu viwe mbali na mbolea, na kila kimoja mahali pake. Ukifunga duka tarehe 25 na 26, panda kwanza uangalie bati juu ya rundo. Tundu dogo linaloonekana kama nyota mchana linatosha kuharibu mifuko kadhaa kwa usiku mmoja.

Mfuko ulioganda kidogo kwa kulaliana haujaharibika. Udondoshe chini mara moja mbili, ukivunjika na punje zikatengana, unauzika. Ukibaki donge na umelowa ndani, usimuuzie mtu. Hautamwagika sawasawa shambani.

Mnapokea mifuko inayorudishwa baada ya sikukuu?

Mfuko mkavu, mshono haujaguswa, wenye risiti, tunaupokea hadi Ijumaa tarehe 15 Januari. Mfuko wa urea ulioganda kwa maji hatuupokei. Mbegu iliyotoka kwetu hatuipokei tena kabisa, kwa kuwa hatuwezi kujua ilikaa wapi na kwa joto gani.

Viwavijeshi vamizi vikiingia kwa wateja wangu tarehe 27, nitapata dawa wapi?

Kwetu hutaipata, na ni bora tukwambie sasa kuliko ugundue siku hiyo. Kiuatilifu ni mzigo mdogo, boksi moja linakaa kwenye rafu, kwa hiyo chukua cha kukuvusha pamoja na mbolea yako. Mwambie mkulima aanze kukagua mapema: majani machanga yenye madoa meupe kama dirisha la nailoni, baadaye matundu na kinyesi kama unga wa mbao ndani ya kikonyo. Viwavi vikiwa vidogo dawa inafanya kazi. Vikishakua na kujificha ndani kabisa, atamwaga dawa na pesa bure. Apulizie asubuhi mapema au jioni, ailenge ndani ya kikonyo. Akiwa na shaka, afisa ugani wa kata ndiye wa kwanza kuulizwa.

Lori likiharibika njiani tarehe 23 na mzigo wangu, nimpigie nani?

Piga simu ya ghala. Inapokelewa kila siku ya likizo kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, hata siku ya Krismasi, lakini ni kwa mizigo iliyoko njiani na kwa wenye hati za tarehe 28 na 29 peke yao. Kila dereva anayeondoka Iyunga kuanzia tarehe 20 Desemba anabeba turubai la ziada, na tumekubaliana na wenye magari kwamba gari likikwama, mzigo unahamishiwa gari jingine, hausubiri fundi. Ikitokea umepata mzigo pungufu au uliolowa, andika idadi kwenye hati kabla hujasaini, piga picha mifuko ikiwa bado juu ya gari, na umtumie mkuu wa ghala siku hiyo hiyo. Ukishasaini kwamba umepokea yote mizima, Januari hatutakuwa na namna ya kumdai mwenye gari.

Kuna siku nyingine mtafunga Januari?

Jumanne tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, ofisi na ghala vyote vinafungwa. Jumatatu tarehe 11 ghala litapakia hadi saa 12 jioni. Waliopanda baada ya tarehe 8 Desemba watakuwa wanakuzia wiki hiyo, kwa hiyo oda ya mifuko yao iingie kabla ya Ijumaa tarehe 8 Januari.